Kipande Kilichotupwa Chini ya Dawati

"Salaam mwalimu. Mimi nafundisha Gredi ya 5 katika shule ya msingi upande wa Kisauni. Mwaka huu tuliambiwa tuunde jumuiya ya walimu ya kujifunza, tukutane kila Ijumaa. Tumekutana mara sita. Tunaandika kumbukumbu, tunakunywa chai, tunatawanyika. Sasa mwalimu mkuu anataka tutembeleane madarasani kwa ule mtindo wa Kijapani wa utafiti wa somo, na wenzangu wamenuna, wanaona wanapelelezwa. Nina watoto 58 na hakuna wa kunishikia darasa. Kitu hiki hufanywaje hasa, na kina faida gani kuliko hivyo vikao vyetu?"

Salaam nawe, mwalimu. Hao walionuna usiwalaumu. Mgeni wanayemjua darasani ni yule wa TPAD, ile tathmini ya kazi ya mwalimu: mkubwa wako anaketi nyuma na fomu, anatazama kama umeandaa andalio la somo, kama umetumia vifaa, kama umemaliza kwa wakati, kisha anatia alama. Hiyo ni kazi ya mwajiri na ina mahali pake. Lakini ukichukua macho yaleyale ukayaita utafiti wa somo, umebadilisha jina tu, na walimu wanaona.

Katika utafiti wa somo, mgeni hamtazami mwalimu. Anatazama watoto. Ndiyo tofauti ya kwanza, na karibu zote nyingine zinatoka hapo. Wajapani huuita jugyo kenkyu, yaani hivyohivyo, utafiti wa somo, na shule zao za msingi zimekuwa zikiufanya kwa zaidi ya miaka 100. Nje ya Japani watu wengi waliusikia baada ya 1999, watafiti wa Kimarekani Stigler na Hiebert walipoandika kuhusu kanda za video za masomo ya hisabati ya Japani, Ujerumani na Marekani. Hapa Kenya ulikuja kwa mlango wa SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi ulioanza 1998 kwa ushirikiano na JICA, shirika la misaada la Japani, ambao ndio uliotuachia CEMASTEA, kituo cha kuwanoa walimu wa masomo hayo, kule Karen, Nairobi. Walimu wa umri wangu wanakumbuka zaidi semina za likizo kuliko utafiti wa somo wenyewe. Semina hupitishwa kutoka mkufunzi hadi mkufunzi, na kila inapopita inapungua kidogo, kama maji ya mkokoteni unaovuja.

Nikwambie kitu kimoja kinachogawanya kikao kinachofundisha na kikao cha chai: ubashiri ulioandikwa kabla. Kabla somo halijafundishwa, mnaandika kwenye karatasi watoto watajibu nini, kwa maneno yao, na kwa nini. Mkiingia darasani, mnatafuta kama ilikuwa hivyo. Pasipo ubashiri, kila mtu atakayeketi nyuma ataona alichozoea kuona, na mkitoka mtaambiana "somo lilikuwa zuri". Penye ubashiri mtagundua mlipokosea kuhusu watoto wenu, na hapo ndipo mwalimu hujifunza kitu ambacho hakukijua asubuhi.

Nitakueleza kundi moja nililolisindikiza, katika shule ambayo sitaitaja, maana walimu wenyewe hawakuomba kutajwa. Walikuwa wanne: wawili wa hisabati wa Gredi ya 5, kila mmoja na mkondo wake, mmoja wa Gredi ya 6, na ustadhi anayefundisha dini ya Kiislamu na Kiswahili. Huyu wa mwisho aliingia kwa kuwa vipindi vyake viliruhusu, si kwa kuwa mtu aliona atafaa. Alifaa kuliko sote.

Wiki ya kwanza hawakuandika andalio. Walileta madaftari. Waliwapa watoto swali moja la dakika 5: kati ya 1/4 na 1/8, ipi kubwa? Zaidi ya nusu ya darasa la watoto 58 walichagua 1/8. Hilo halikumshangaza mtu, kila mwalimu wa hisabati amelikuta: 8 ni kubwa kuliko 4, basi 1/8 ni kubwa. Lakini mmoja akawauliza watoto walewale, kwa mdomo, nusu kilo ya sukari na robo kilo ipi nyingi, na hakuna aliyekosea. Watoto hawa hutumwa dukani kila siku.

Sasa, walimu wangapi wangeishia hapo na kusema "basi tutumie mifano ya maisha"? Kundi hili lilikaa juu ya jambo hilo kikao kizima. Kwa nini mtoto ajue robo na asijue 1/4? Ustadhi ndiye aliyelifungua. Alisema: robo kwa mtoto ni jina la kifuko cha sukari, hasikii nne ndani yake. Na 1/4 darasani husomwa kwa Kiingereza, na inavyosomwa inasikika kama namba mbili, moja juu ya nne, ziko ghorofani. Kisha akaandika ubaoni: robo na arobaini, theluthi na thelathini, thumuni na themanini. Ni ndugu, zote zimetoka Kiarabu, na watoto wengi wa darasa lile wanahesabu thalatha, arbaa hadi thamania kila jioni madrasani. Akaongeza la mirathi: mjane hupata robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa ameacha. Thumuni ni ndogo, kila mtu aliyewahi kukaa kwenye mgao anajua. Mwalimu wa Gredi ya 6, aliyefundisha sehemu kwa miaka mingi, alikuwa hajawahi kuyasikia maneno hayo kwa sikio la hesabu.

Hatua hii Wajapani wanaipa jina lake, kyozai kenkyu, kuchunguza kitu chenyewe kinachofundishwa kabla ya kupanga namna ya kukifundisha. Sisi huiruka. Maazimio ya kazi yanasema "kulinganisha sehemu", tunakwenda moja kwa moja kwenye shughuli. Ukiniuliza muda wenu wa Ijumaa uende wapi, nitasema nusu yake iende hapa.

Wiki ya pili na ya tatu waliandika andalio moja la dakika 35, la wote wanne. Si la mwalimu atakayesimama mbele, na hili lisemwe wazi, kwa sababu likianguka litakuwa limeanguka la kundi. Swali la somo lilikuwa moja tu: Asha amepewa theluthi ya chapati, Juma amepewa robo ya chapati nyingine iliyo sawa na hiyo, nani amepata zaidi, nawe utamthibitishiaje mwenzako? Kila watoto wawili walipewa utepe mmoja wa karatasi wa sentimita 24 wa chapati ya Asha na mwingine wa Juma. Sentimita 24 haikuchaguliwa ovyo: theluthi yake ni 8, robo yake ni 6, thumuni yake ni 3, hakuna desimali ya kuwasumbua walimu wakati wa kupima.

Andalio lilikuwa na safu tatu: mwalimu atakachofanya, watoto watakachofanya au kusema, na mwalimu atakachojibu. Safu ya kati ndiyo iliyowatoa jasho. Walibashiri majibu matatu. La kwanza, Juma, kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3. La pili, wako sawa, kwa kuwa kila mmoja ana kipande kimoja. La tatu, Asha, kwa kuwa chapati yake imekatwa mara chache na vipande ni vinene. Waliandika kwamba la pili litatoka kwa wachache, wale wasiosikiliza.

Kisha mmoja akafundisha na watatu wakaangalia. Kila mwangalizi alipewa madawati mawili, watoto wanne hadi sita, asiwaache mpaka kengele. Hii ndiyo dawa ya darasa la 58. Hakuna anayeweza kutazama watoto 58, akijaribu ataishia kumtazama mwalimu. Mwangalizi huandika saa, alichosema mtoto kama alivyosema, na alichofanya kwa mikono. Hamsaidii mtoto hata kama moyo unamwasha. Na haandiki "utangulizi mzuri".

Sasa sikiliza kilichotokea. "Wako sawa" halikutoka kwa wachache. Lilitoka karibu kila upande wa darasa. Mwalimu aliyekuwa mbele alilisikia, akalihesabu kuwa jibu la pili la kwenye andalio, akafanya walichopanga: akachora ubaoni chapati mbili, akaonyesha kwamba vipande havina unene sawa. Watoto wakatazama ubao, wakatazama karatasi zao, wakakaa kimya. Mwalimu akadhani wameelewa.

Mwangalizi wa dawati la karibu na dirisha alikuwa ameandika hivi: wasichana wawili wanakunja utepe wa Asha katikati, kisha katikati tena. Wanaufungua. Wanahesabu vinne. Mmoja anasema, "Tunataka vitatu." Anachana kimoja, anakitupa chini. Vimebaki vitatu. "Theluthi ni hii hapa." Wanakiweka juu ya robo ya Juma. Vinalingana sawasawa.

Bila shaka vinalingana! Utepe wa sentimita 24 uliokunjwa sehemu nne sawa hutoa vipande vya 6. Ukitupa kimoja, vitatu vilivyobaki ni vya 6 vilevile. Theluthi yao ilikuwa robo. Wale wasichana hawakukosa kusikiliza. Walipima na kuripoti kweli walichokiona, na mwalimu akawachorea picha inayopingana na kitu walichokishika mkononi. Kukunja katikati ni rahisi na kukunja sehemu tatu sawa ni vigumu, basi mtoto hutafuta njia. Walimu wote wanne walikuwa wamekata tepe zile mezani usiku uliotangulia, na hakuna aliyejaribu kuzikunja mwenyewe.

Kipande kilichotupwa chini ya dawati hakionekani kutoka ubaoni. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kutembeleana madarasani ni kupoteza kipindi, huwa nauliza ni nani mwingine angekiona.

Kikao cha baada ya somo kilifanyika siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu hazijapoa, na kina utaratibu wake wa kusema. Huanza aliyefundisha: nilitarajia nini, nimeona nini. Wafuate waangalizi, na kila sentensi ianze na mtoto: "Dawati la dirishani, saa nne na dakika kumi, walichana kimoja." Sentensi inayoanza na "Mwalimu ungeli..." mwenyekiti anaikata. Mwisho kabisa husema mtu wa nje, mkufunzi au mwalimu wa shule jirani anayelijua somo, akishasikia yote. Huku kwetu Pwani utaratibu huu una kazi ya ziada. Tuna adabu, hatupendi kumwaibisha mtu mzima mbele ya wenzake, basi tunasifu na tunanyamaza. Ukimpa mtu ruhusa ya kusema juu ya mtoto na kipande cha karatasi, adabu haivunjwi na ukweli unasemwa.

Mjadala wao ulikuwa mkali, lakini juu ya tepe. Mmoja alitaka karatasi za mkondo wa pili zitiwe alama kabisa, kwenye sentimita 8 na 16, watoto wakunje tu. Ni rahisi, na somo lingekwenda laini. Mwingine akasema tukiwatilia alama tumewaondolea jambo lenyewe wasilolijua: kwamba theluthi ni ya chapati nzima, bila kutupa kitu. Wakakubaliana na huyu wa pili. Waliongeza utepe wa tatu, usioguswa, uliobandikwa juu ya dawati, na agizo moja: kabla hujasema jibu, rudisha vipande vyako vyote juu ya chapati nzima uone kama vinaijaza.

Wiki iliyofuata mwalimu wa mkondo wa pili alifundisha andalio lililorekebishwa. Watoto bado walichana na kutupa, usidhani waliacha. Lakini waliporudisha vipande juu ya utepe mzima, pakabaki nafasi ya sentimita 6, na wao wenyewe wakaanza kulaumiana: "Umekula chapati ya Asha." Wengine wakagundua kukunja kama barua, pande mbili zikifunika katikati mpaka zikalingana. Mwalimu hakuwa na haja ya kuchora.

Je, walipona kabisa? La. Baada ya majuma matatu walipewa tena maswali mafupi. 1/5 na 1/6 wengi walipata. Lakini walipoulizwa 2/3 na 3/4, wengi walisema ziko sawa, kwa kuwa kila moja imepungukiwa na kipande kimoja. Hilo ni kosa jingine kabisa, na lina akili ndani yake: mtoto anahesabu vilivyokosekana bila kuuliza ni vya unene gani. Somo moja la utafiti halimalizi mada. Linawapa walimu kosa moja wanalolijua mpaka ndani, na swali la muhula unaofuata.

Turudi kwenye hali yako. Somo la utafiti moja kwa muhula latosha, msijaribu zaidi. Mzunguko mzima ni kama majuma matano: madaftari, kuchunguza mada, andalio, somo na kikao, somo la pili na kikao. Vikao vyenu vya Ijumaa mnavyo tayari, ni kuvitia kazi. Waangalizi wanahitaji kuachiwa kipindi kimoja tu, mara mbili kwa muhula. Japani, siku ya somo la utafiti, shule nyingi huruhusu madarasa mengine kwenda nyumbani mapema, darasa moja libaki na walimu wote waliangalie. Sisi hatuna ruhusa hiyo, lakini kundi lile lilitumia kipindi cha mwisho kabla ya michezo: watoto wengine walitoka uwanjani na walimu wawili wa zamu, darasa lililochaguliwa likabaki. Mpate idhini ya mwalimu mkuu kwa maandishi, asije mtu akaandika kwamba mliacha madarasa. Na msiweke ndani ya Ramadhani, mchana huo mwalimu amefunga na watoto nao nusu wamefunga, mtachoka bure.

Kuhusu mwalimu mkuu, kuna jambo moja la kumwomba kabla hamjaanza, na ni gumu: somo la utafiti lisiingie kwenye TPAD ya mtu yeyote. Akitaka kuja aje, apewe madawati mawili kama wengine, aandike ya watoto. Nimeona kundi jingine likifa kwa sababu hiyohiyo. Mkubwa alikaa nyuma na fomu, na muhula uliofuata mwalimu aliyefikiwa na zamu ya kufundisha akawakaririsha watoto somo hilo siku mbili kabla. Unataka kujua hilo hutambulikaje? Watoto wanainua mikono kabla swali halijaisha, na hakuna hata jibu moja lisilokuwemo kwenye andalio. Somo la utafiti ambalo halina jibu la kushangaza ama limekaririshwa, ama waangalizi hawakutazama.

Kuna dalili nyingine, ya upole zaidi, kwamba jumuiya yenu imerudi kuwa kikao cha chai. Ni pale kundi la wasapu linapojaa maazimio ya kazi yaliyopakuliwa na mitihani ya shule nyingine, na hakuna hata picha moja ya daftari la mtoto. Sina ugomvi na kushirikishana mitihani, lakini huko ni kugawana mizigo.

Swali lako la mwisho, kama kuna faida, silijibu kwa alama za mtihani, maana somo moja kwa muhula halitikisi wastani wa darasa, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Jipime kwa safu ya kati. Chukua andalio la kawaida la mwalimu wa kundi, lisilo la utafiti, uone kama ameanza kuandika watoto watakachosema. Wale wanne nilipowarudia muhula uliofuata, yule wa Gredi ya 6 alikuwa anaandika makosa mawili matatu kwa kila somo la hisabati, na kwenye moja alikuwa ameandika, "Watatupa kipande."

Ijumaa hii basi, usipeleke ajenda. Peleka madaftari 10 ya darasa lako yenye jibu la swali moja, matano yaliyokosa kwa namna unayoielewa na matano usiyoyaelewa, uyaweke mezani haya ya pili kwanza. Mkiamua kutumia tepe za karatasi, zikunjeni nyinyi wenyewe sehemu tatu sawa kabla hamjaondoka ofisini.